Mtoto Asiyerefuka: Damu, Chuma na Mifupa katika Thalasemia Kuu ya Beta

Thalasemia kuu ya beta ni ugonjwa wa damu wa kurithi, lakini anayetaka kujua umetibiwa vizuri kiasi gani hatazami damu peke yake. Hutazama pia kimo cha mtoto, uso wake na uti wake wa mgongo. Mifupa huumizwa na ugonjwa huu kwa njia tatu zisizofanana: huumizwa na upungufu wa damu, huumizwa na chuma kinachoingia mwilini pamoja na damu ya kuongezwa, na huumizwa, jambo linalosahaulika mara nyingi, na dawa ile ile inayotolewa ili kukiondoa chuma hicho. Njia zote tatu huzaa mtoto mfupi, ilhali tiba ya moja huweza kuwa kinyume cha tiba ya nyingine, na ugumu wa kazi ya daktari uko katika kuzitenganisha.

Hemoglobini, yaani protini nyekundu inayobeba oksijeni ndani ya damu, kwa mtu mzima huundwa na minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Jeni inayotoa maagizo ya kutengeneza mnyororo wa beta imo kwenye kromosomu ya 11, na mtoto aliyerithi jeni zenye hitilafu kwa baba na kwa mama hutengeneza minyororo michache mno ya aina hiyo, au hatengenezi hata mmoja. Mtoto huyo huzaliwa akiwa mzima kabisa, kwa kuwa tumboni hutumia hemoglobini ya kichanga ambayo mahali pa beta ina mnyororo mwingine uitwao gama. Hemoglobini hiyo inapopungua baada ya kuzaliwa na ile ya utu uzima kushindwa kushika nafasi yake, upungufu wa damu hujitokeza, kwa kawaida kati ya miezi 6 na miaka 2.

Ugonjwa huu umeenea zaidi kwenye nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, Mashariki ya Kati, Bara Hindi na Asia ya Kusini Mashariki. Katika Afrika Mashariki ugonjwa wa damu wa kurithi unaofahamika zaidi ni sikoseli, na thalasemia kuu huonekana hasa katika familia zenye asili ya Bara Hindi. Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Omani, kwa upande wao, wamo katika nchi ambayo jeni zake si ngeni. Uchache wa ugonjwa huu Afrika Mashariki una hatari yake. Mtoto mweupe wa viganja ambaye chembe zake nyekundu ni ndogo hudhaniwa kuwa amepungukiwa na chuma, akaandikiwa dawa ya maji ya kuongeza damu yenye madini hayo, kumbe tatizo lake halitokani na chuma hata kidogo, na kila kijiko anachopewa ni nyongeza ya kitu ambacho baadaye kitatafutiwa dawa ya kukitoa. Kipimo cha kutenganisha aina za hemoglobini ndicho kinachoondoa utata huo, nacho hakina budi kufanywa kabla ya mtoto kuongezewa damu kwa mara ya kwanza, kwa sababu damu ya mchangiaji ikishachanganyika na yake majibu hupotosha.

Mifupa huingia katika habari hii kupitia uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mfupa ambamo chembe za damu hutengenezwa. Minyororo ya alfa iliyokosa wenzake wa beta haikai bure, bali huganda ndani ya chembe changa na kuziua kabla hazijatoka kwenye uboho. Figo, zikihisi uhaba wa oksijeni, hutoa homoni ya kuuhimiza uboho uongeze kazi, nao huongeza, lakini sehemu kubwa ya chembe huendelea kufia humo humo. Ni kama mwokaji ambaye, kila mikate inapoungua, hujenga tanuri kubwa zaidi. Uboho wa namna hiyo huweza kutanuka mara nyingi kupita ukubwa wake wa kawaida, na kwa kuwa umezungukwa na mfupa, nafasi huipata kwa kuula mfupa wenyewe kutoka ndani. Ganda gumu la nje huwa jembamba, paji la uso na mifupa ya mashavu hutokeza, taya la juu husukumwa mbele hadi meno hayakutani sawasawa, na picha ya eksirei ya fuvu huonyesha mistari iliyosimama mithili ya nywele zilizoshtuka. Bandama nalo hufura, na likishafura hugeuka kuwa mlaji wa damu kwa upande wake.

Uso wa namna hiyo zamani ulihesabiwa kuwa sura ya ugonjwa wenyewe, na vitabu viliuchora hivyo tangu Thomas Cooley na Pearl Lee walipoueleza huko Detroit mwaka 1925. Kwa hakika ni sura ya ugonjwa usiotibiwa vya kutosha. Mwaka 1964 daktari Mmarekani Irving Wolman alionyesha, kwa kulinganisha watoto waliokuwa wakiongezewa damu kwa viwango tofauti, kwamba wale waliowekwa kwenye hemoglobini ya juu zaidi walikua vizuri zaidi, na tangu hapo lengo la tiba likaacha kuwa kumwokoa mtoto asife kwa upungufu wa damu, likawa kuunyamazisha uboho wake. Kipimo kinachotumika sasa ni hemoglobini inayopimwa kabla ya kila uongezaji, ambayo inatakiwa iwe kati ya gramu 9.5 na 10.5 kwa desilita, na ili kuifikia mtoto huongezewa chembe nyekundu zilizotengwa na maji ya damu kila baada ya wiki 2 hadi 5. Neno lenye uzito hapo ni «kabla». Kituo kinachosifia gramu 12 zilizopimwa siku moja baada ya chupa kumalizika hakijasema lolote kuhusu wiki nne zilizotangulia, na mtoto anayeletwa tu anapoonekana amechoka na kupauka, akiwa na gramu 6 au 7, hutumia sehemu kubwa ya mwaka uboho wake ukiwa umeamka. Wala si busara kuipandisha hemoglobini bila kikomo, maana juu ya kiwango hicho faida kwa mifupa huwa ndogo huku chuma kikizidi kuingia.

Uzito wa chuma hicho unaeleweka vizuri zaidi kwa hesabu. Ichukuliwe mfano wa kubuni wa mtoto wa kike wa miaka 6 mwenye kilo 20, anayeongezewa mililita 15 za chembe nyekundu kwa kila kilo ya mwili wake kila baada ya wiki 4. Hizo ni mililita 300, na ikiwa asilimia 60 ya ujazo huo ndiyo chembe zenyewe, mtoto hupata mililita 180 za chembe halisi. Kila mililita ya chembe hizo hubeba takriban miligramu 1.08 za chuma, kwa hiyo kila safari ya wodini humwachia miligramu 194 hivi, sawa na karibu miligramu 7 kwa kila siku ya mwezi. Mwili wa binadamu haukuumbiwa njia ya kutoa chuma kilichozidi. Mtu mzima mwenye afya hupoteza miligramu 1 au 2 tu kwa siku kupitia ngozi na utumbo, na kiasi hicho hicho ndicho anachofyonza kutoka kwenye chakula. Kwa mwaka mmoja mtoto huyu huingiziwa zaidi ya gramu 2.5, wakati mwili mzima wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4. Hesabu hiyo inaonyesha pia kwamba familia inayomkatalia mtoto mchicha na maini kwa kuogopa chuma, huku ikiacha dawa zipite, inaziba tundu la sindano wakati mlango uko wazi.

Ndani ya damu chuma husafirishwa kikiwa kimeshikwa na protini iitwayo transferini, na madhara huanza pale protini hiyo inapojaa. Chuma kinachobaki bila wa kukishika huzurura kwenye damu na kuingia katika viungo ambavyo havina mlango wa kukizuia: ini, moyo, kongosho, na tezi ndogo ya pituitari iliyo chini ya ubongo, ambayo huziamrisha tezi nyingine nyingi. Moyo ndio uliokuwa ukiua, kwa kawaida katika ujana. Pituitari haiui, lakini ndiyo inayoamua kama mtoto atabalehe.

Dawa ya kwanza iliyofaa, deferoksamini, ilianza kutumika katika miaka ya 1960. Kwa kuwa haifai kumezwa na hudumu kwenye damu kwa dakika chache tu, hutiwa chini ya ngozi ya tumbo au paja kwa pampu ndogo inayosukuma bomba la sindano polepole kwa saa 8 hadi 12, usiku mtoto akiwa amelala, na asubuhi mkojo huweza kutoka na rangi ya kahawia nyekundu, alama ya chuma kinachoondoka. Kwa mtoto wa mfano wetu, kipimo cha miligramu 40 kwa kilo ni miligramu 800 kwa usiku. Kwa nadharia kila miligramu 100 za dawa hukamata miligramu 8.5 za chuma, lakini kinachokamatwa kwa kweli ni takriban asilimia 14 ya uwezo huo, yaani kama miligramu 9.5 kwa usiku mmoja. Usiku 5 kwa wiki hutoa miligramu 48 hivi, na kilichoingia kwa damu katika wiki hiyo ni miligramu 48 au 49. Mizani imesimama sawa, bila akiba yoyote.

Hapo ndipo inapoonekana maana ya kuruka usiku. Mtoto anayechoka kuchomwa, ambaye ngozi yake ya tumbo imejaa mabonge yenye kuwasha, au ambaye pampu yake imeisha betri na mpya haijafika, akitumia dawa usiku 3 tu kwa wiki hubakiwa na miligramu 20 za ziada kila wiki, kama gramu 1 kwa mwaka. Kwa mwili wa kilo 20 hiyo ni miligramu 50 kwa kilo, na kwa ulinganisho unaotumiwa na mabingwa wa fani hii chuma kwenye ini hupanda kwa karibu miligramu 5 kwa kila gramu ya ini kavu. Akianzia kwenye 3, atavuka 7, mpaka wa juu unaovumilika, katika mwaka mmoja, na katika mwaka wa tatu atakuwa amepita 15, mahali ambapo hatari kwa moyo na tezi huwa kubwa. Katika miaka hiyo yote mtoto haumwi, anacheza, anakwenda shule, na hakuna aonaye sababu ya kurudi kwenye sindano.

Dawa za kumeza zimepunguza tatizo hilo bila kulimaliza. Deferasiroksi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005, hunywewa mara moja kwa siku na inahitaji figo na ini kupimwa mara kwa mara. Deferiproni hunywewa mara tatu kwa siku, ina sifa ya kuusafisha moyo, lakini kwa wagonjwa wachache hushusha ghafla chembe nyeupe zinazopigana na maambukizi, ndiyo maana mwenye kuitumia hupimwa damu kila wiki, na homa yoyote humlazimu kuiacha siku hiyo hiyo hadi chembe zihesabiwe. Deferiproni huleta pia maumivu na uvimbe wa magoti, na katika ugonjwa ambao goti linauma kwa sababu nyingine kadhaa, hilo si jambo la kupuuza.

Kipimo kinachopatikana kwa urahisi zaidi cha kufuatilia chuma ni feritini, protini ya kukihifadhi ambayo sehemu yake huvuja kwenye damu, na lengo la kawaida ni kuiweka chini ya 1000 kwa lita, ikihesabiwa kwa mikrogramu. Feritini ni shahidi mwenye maneno mengi: malaria, homa ya mapafu au uvimbe wa ini huipandisha bila chuma kuongezeka, na kwa hiyo kinachosomwa ni mwelekeo wa vipimo kadhaa vya kila miezi mitatu, wala si jibu moja. Palipo na mashine ya emarai yenye programu inayofaa, ini na moyo hupimwa moja kwa moja, na mara nyingi ndipo inapogundulika kwamba feritini ya wastani ilikuwa inaficha moyo uliojaa.

Sasa arudi mtoto wa mfano, akiwa na umri wa miaka 13 na nusu. Damu yake imesimamiwa vizuri tangu utotoni, uso wake ni wa kawaida, na mpaka miaka 10 alikuwa akirefuka pamoja na wenzake. Tangu hapo mstari wa kimo chake kwenye kadi umelala, na hana dalili yoyote ya kuvunja ungo, hata uvimbe wa kwanza wa matiti. Historia hiyo ya miaka karibu inatosha kumtaja mkosaji. Upungufu wa damu humdumaza mtoto mapema, katika miaka kumi ya kwanza, na humwachia alama usoni na kwenye bandama. Chuma hufanya kazi yake kimya kimya na hujitokeza pale kasi ya ujana inapotakiwa kuanza na haianzi. Kwa msichana kutokuwa na dalili za balehe kufikia miaka 13, na kwa mvulana kufikia 14, ni sababu ya kupima homoni mbili za pituitari zinazoamsha ovari na korodani. Zikiwa chini wakati ambapo homoni za ovari nazo ziko chini, kosa liko kwa mwamrishaji wala si kwa anayeamrishwa. Hupimwa pia tezi ya shingo, kalsiamu, sukari, zinki na vitamini D, kwa sababu chuma hakichagui tezi moja, na wakati mwingine kimo hurudi kusonga kwa kurekebisha kitu kidogo kama zinki, ambayo dawa za chuma huweza kuiondoa pamoja na chuma.

Eksirei ya kiganja cha kushoto huongeza habari nyingine. Huonyesha umri wa mifupa, yaani gegedu za ukuaji kwenye ncha za mifupa zimefikia hatua gani, na kwa msichana wa aina hii umri huo huwa nyuma ya umri wake halisi. Ni habari njema, maana nafasi ya kurefuka bado ipo, lakini ni nafasi inayotumika kwa uangalifu: homoni za kike huanzishwa kwa kiwango kidogo sana na kupandishwa polepole, kwa kuwa kiwango kikubwa tangu mwanzo huzifunga gegedu hizo haraka na kumwacha na matiti bila kimo. Sambamba na hayo uondoaji wa chuma hukazwa. Pituitari iliyokwisha kuharibika kwa muda mrefu mara nyingi hairudi katika hali yake, ndiyo maana vituo vyenye uzoefu havingoji miaka 13 kuanza kuuliza, bali hupima kimo kila miezi sita tangu utotoni.

Kubalehe kunahusu mifupa kwa namna ambayo kimo pekee hakionyeshi. Uzito wa madini ya mfupa hujengwa kwa wingi katika miaka ya ujana, kwa msaada wa homoni za jinsia. Aliyeikosa miaka hiyo huingia utu uzima na mifupa myepesi, ambayo chuma chenyewe huzidi kuidhoofisha kwa kuzizuia chembe zinazojenga mfupa. Matokeo ni kijana wa miaka 25 anayelalamika maumivu ya mgongo kama bibi yake, ambaye picha huonyesha pingili zilizobonyea. Vitamini D, kalsiamu ya kutosha, mazoezi, homoni zinazokosekana, na dawa za kuzuia mfupa usiliwe, kama asidi ya zoledroni, hupunguza upotevu huo. Lakini mgongo unaouma katika thalasemia haustahili kuitwa udhaifu wa mfupa moja kwa moja, kwani kwa mgonjwa asiyeongezewa damu ya kutosha uboho huweza kuota nje ya mfupa, kando ya uti wa mgongo, na kuubana, na miguu inayoanza kufa ganzi ni dharura.

Inabaki njia ya tatu, na ndiyo inayowapata watoto wa familia zenye bidii kuliko wote. Deferoksamini haibagui kati ya chuma cha ziada na madini yanayohitajika na gegedu za ukuaji, kwa hiyo mtoto mdogo mwenye chuma kidogo anapopewa dawa nyingi, dawa huishambulia mifupa inayokua. Ndiyo sababu tiba ya kuondoa chuma haianzi na chupa ya kwanza ya damu, bali baada ya uongezaji 10 hadi 20 au feritini inapopita 1000, na chini ya miaka 3 kipimo kikubwa huogopwa. Dalili zake ni kasi ya kimo inayopungua ingawa hemoglobini na feritini ni nzuri, magoti yanayouma na kugongana, na eksirei ya ncha za mifupa inayofanana na ya matege ya kukosa vitamini D, ilhali vitamini hiyo imepimwa na iko sawa.

Kuna hesabu fupi ya kumkinga mtoto na hali hiyo. Kipimo cha dawa cha wastani kwa siku, kwa kilo, hugawanywa kwa feritini, na jibu linatakiwa kubaki chini ya 0.025. Miligramu 40 kwa usiku 5 wa wiki ni wastani wa 28.6 kwa siku. Feritini ikiwa 1500 jibu ni 0.019 na dawa iko mahali pake. Juhudi za familia zikaishusha feritini hadi 900, kipimo kile kile sasa hutoa 0.032, na ili kurudi ndani ya mpaka miligramu 40 hazina budi kushuka hadi 31 hivi kwa usiku. Daktari asiyeifanya hesabu hii huona feritini inashuka, humpongeza mzazi, na kuacha maandishi ya dawa kama yalivyo.

Mgongo ndio unaolipa zaidi, kwa kuwa pingili husawazika na kuacha kurefuka wakati miguu bado inaendelea, na kimo cha kusimama huweza kulificha jambo hilo kwa mwaka mzima au zaidi. Hugunduliwa kwa kumkalisha mtoto kwenye kigoda, mgongo ukiwa umenyooka ukutani, na kupima kutoka kwenye kiti hadi utosini: kiwiliwili kikionekana kifupi kuliko miguu inavyoruhusu, dawa hupunguzwa au hubadilishwa siku hiyo. Kasi ya miguu huweza kurudi baada ya hapo, lakini urefu uliokwisha kupotea kwenye pingili haurudi.